Losheni, krimu au marhamu? Namna ya kuchagua ukikaa Malindi, na ukipanda basi kwenda Nairobi

Ukiingia duka lolote la dawa mjini Malindi utazikuta tatu hizi rafu moja: chupa za losheni, vikopo vya krimu, na marhamu pamoja na mafuta ya mgando. Wengi huchagua kwa harufu, wengine kwa bei, na wengine hununua kile alichokuwa akitumia mama. Kinachozitenganisha hasa ni kiasi cha mafuta na kiasi cha maji kilichomo.

Aliyewahi kukuna nazi anaijua habari yote hii, hata kama hajaifikiria. Tui la pili, lile jepesi, ndiyo losheni: maji mengi yaliyobeba mafuta kidogo. Kasimele ndiyo krimu. Na ukiliweka tui motoni mpaka maji karibu yote yakauke, yale mafuta yanayobaki sufuriani ndiyo marhamu. Ndani ya losheni, kama ndani ya tui, mafuta yamekatwakatwa kuwa chembe ndogo mno zinazoelea majini, na kuna kitu kinachozizuia zisikutane. Kikishindwa, tui hukatika, na losheni nayo hukatika vilevile.

Kwa kukadiria, katika chupa ya losheni maji huwa zaidi ya theluthi mbili. Krimu inakaribia nusu kwa nusu. Marhamu ya kawaida ya famasia huwa na mafuta kama asilimia 80 na maji asilimia 20, na mafuta ya mgando hayana maji hata tone. Maji ya kwenye losheni hukauka juu ya ngozi kwa dakika chache tu, ndiyo maana ukipaka unahisi ubaridi. Yakishaondoka, kinachobaki kufanya kazi ni yale mafuta machache, pamoja na gliserini au urea, viungo vinavyoshika maji, ikiwa zimo. Kwa hiyo ngozi hainyweshwi na maji ya chupani. Maji hayo ni ya kuyasambaza mafuta yawe tabaka jembamba, na wembamba huo ndio unaotakiwa hewa ikiwa nzito.

Hewa ya kwetu si kavu, hata mvua isiponyesha

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ikifika Januari na Februari, kaskazi inavuma, jua ni kali, mvua hakuna, na watu husema wakati umekuwa mkavu, basi mafuta mazito yanatolewa. Lakini kaskazi inatufikia ikiwa imepita juu ya bahari, na imebeba mvuke. Kanga uliyoianika kivulini usiku haikauki upesi, na chumvi ya mezani inashikana. Mvua imekosekana, lakini hewa ina maji. Masika yakiingia, na Mei ikafika na mvua zake, unyevu huo unaongezeka tu.

Ngozi hupoteza maji kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimyakimya: maji hupenya kutoka ndani kwenda nje na kuondoka kama mvuke, mchana na usiku. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, upotevu huo hupungua wenyewe. Hewa ikiwa kavu, huzidi. Njia ya pili ni jasho. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka, na katika hewa nzito linakauka kwa shida.

Sasa chukua mafuta ya mgando, ambayo kazi yake ni kufunika ngozi ili maji yasitoke, uyapake mgongo mzima mchana wa Februari ukiwa Shela au Malindi mjini. Umefunika ngozi ambayo haikuwa ikipoteza maji mengi, na jasho limekosa njia. Matokeo yake ni harara: vipele vidogo kama punje za mchanga, vinavyochoma na kuwasha, hasa kiunoni, mgongoni, chini ya matiti na mahali nguo inapobana.

Kama hewa ina maji kiasi hicho, mbona watu wa pwani wanapauka? Sababu ni vitu vingine: sabuni kali, kuoga mara tatu kwa siku, chumvi ya bahari inayoachwa mwilini, maji ya kisima yenye chumvi, jua, umri, na kiyoyozi. Kiyoyozi nakitaja mwisho lakini kwa wafanyakazi wa hotelini na benki ndicho cha kwanza, kwa sababu kinapoza hewa na kuitoa maji, yale maji unayoyaona yakidondoka nje kwenye mpira. Mtu huyo anaishi Malindi, lakini saa nane za siku yake anavuta hewa ya mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata haiulizi ngozi yako ni ya aina gani. Inauliza: sehemu hii ya mwili, saa chache zijazo, itakuwa katika hewa gani, na chini ya nguo gani?

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho mkononi

Jina la mbele ya kopo halitoshi. Kuna krimu nyepesi kama losheni, na kuna losheni nzito kuliko krimu. Geuza kopo usome orodha ya viungo. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwenda kilicho kichache, ingawa vile visivyofika asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. Maji huandikwa AQUA. Yakiwa ya kwanza, ujue ni losheni au krimu. Ikiwa cha kwanza ni PETROLATUM, yaani mafuta ya mgando yenyewe, hiyo ni marhamu, hata kama imepewa jina tamu. Gliserini ikiwa ya pili au ya tatu, umepata kitu kinachovuta maji na kuyashika, na kwa pwani hiyo ni sifa nzuri.

Lebo ikiwa imefutika, au kitu kimeuzwa kwa kupimiwa, jaribu kwa glasi. Weka maji ya kawaida nusu glasi, tia tone kubwa kama punje ya kunde, koroga kwa kijiti. Ikiwa maji yatageuka meupe sawasawa, mafuta yake yanaelea ndani ya maji: ni losheni au krimu nyepesi. Ikibaki madonge yanayoelea na kunata kwenye kijiti, ni krimu nzito ambayo maji yake ndiyo yamefungwa ndani ya mafuta, au ni marhamu. Jaribio hili halikuambii ubora, linakuambia tu nani amembeba mwenzake.

Kisha paka kidogo nyuma ya mkono, ukiwa mahali utakapokaa, na usubiri dakika kumi. Bado inang'aa na nywele za mkono zimelala? Kwa hewa hiyo ni nzito mno. Baada ya saa moja ngozi imerudi kuwa na vumbivumbi jeupe? Ni nyepesi mno. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linapima ngozi na hewa kwa pamoja.

Hatua ya pili: gawa mwili

Kosa la kopo moja kwa mwili mzima ndilo linaloleta malalamiko mengi. Mwili una sehemu zenye tezi nyingi za mafuta na zinazotoka jasho sana: uso, kifua, mgongo, makwapa. Na una sehemu ambazo karibu hazina tezi za mafuta: muundi, yaani mbele ya mguu chini ya goti, kisha viwiko, viganja na nyayo. Hizi za pili hupauka hata masika.

Kwa pwani, mgao wangu ni huu. Mgongoni na kifuani, losheni nyepesi, au usipake kitu kama ngozi haisemi lolote. Mikononi na mapajani losheni. Muundi na viwiko krimu. Nyayo peke yake ndizo zinazostahili marhamu, tena usiku. Usoni tafuta losheni isiyo na mafuta ya nazi, kwa sababu mafuta hayo huziba vinyweleo vya watu wengi na kuleta chunusi, hata kama bibi aliyatumia miaka yote bila shida.

Magaga yana njia yake. Mafuta peke yake hulainisha juu tu, ufa unabaki. Tafuta krimu ya urea ya asilimia 10, au ya 20 hadi 25 ikiwa ngozi ya kisigino imekuwa ngumu kama ganda. Paka hiyo kwanza, ipe dakika chache, kisha funika kwa mafuta ya mgando na uvae soksi za pamba ulale. Urea huchoma ikigusa nyama iliyo wazi, kwa hiyo ufa unaotoa damu uanze kwa mafuta ya mgando matupu mpaka ufunge. Na popote utakapopaka mguuni, acha katikati ya vidole pakavu. Pakibaki na unyevu chini ya mafuta, fangasi hupata makao, na kwa mwenye kisukari mchubuko mdogo hapo si jambo la kudharau.

Wanaotawadha mara tano kwa siku miguu na mikono yao hulowa na kukauka mara tano, na kulowa kwa namna hiyo hukausha. Paka baada ya udhu, si kabla: ngozi ina unyevu wa kufungia, na huna haja ya kusugua tabaka la mafuta udhu unaofuata. Losheni ndogo baada ya Adhuhuri na baada ya Isha inatosha kwa wengi.

Hatua ya tatu: kupaka

Oga kwa maji yasiyo ya moto sana. Ukitoka baharini, jisuuze kwanza kwa maji matamu, kwa sababu mafuta juu ya chumvi yanaifungia chumvi hapo. Jikaushe kwa kugandamiza taulo, usisugue, na uache ngozi ikiwa na unyevunyevu. Paka ndani ya dakika tatu hivi. Kwa marhamu na mafuta ya nazi jambo hili ni la lazima zaidi kuliko kwa losheni: yana maji machache ya kwao au hayana kabisa, kwa hiyo yanafungia kilichopo tu. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka kabisa, umefungia ukavu, na hapo ndipo mtu anasema anang'aa lakini bado anawashwa.

Kipimo kizuri ni ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mkono mzima huhitaji ncha tatu, kiganja na nyuma yake ncha moja, mguu mzima ncha sita, na unyayo pamoja na juu yake ncha mbili. Fuata mwelekeo wa vinyweleo, kutoka juu kwenda chini. Ukisugua kinyume, hasa kwa kitu kizito, unayasukuma mafuta kwenye matundu ya vinyweleo, na vipele vyenye usaha vinaanzia hapo.

Mfano: dada wa mapokezi

Mchukue dada anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ya Malindi. Anaingia saa moja asubuhi, anakaa chini ya kiyoyozi mpaka saa tisa, halafu anapanda tuktuk kurudi nyumbani kwenye joto, buibui juu. Miundi yake imepauka mpaka inachora mistari akijikuna. Mgongo wake umejaa harara. Anatumia kopo moja la mafuta ya mgando, mwili mzima, kila asubuhi, kwa sababu shangazi yake amemwambia: "Mwanangu, ngozi kavu yataka mafuta, hayo maji ya chupa yatakufaa nini?"

Shangazi amepatia miguu na amekosea mgongo. Kwanza tunaondoa mafuta ya mgando kwenye kiwiliwili chote. Harara haitibiwi kwa kupaka zaidi. Inataka ubaridi, nguo ya pamba isiyobana, na ngozi iachwe ipumue. Mara nyingi hupungua kwa siku chache ngozi ikipata nafuu ya jasho.

Pili, miguu. Asubuhi akitoka kuoga, krimu yenye gliserini kutoka goti hadi kifundo: ncha tatu kila mguu, yaani gramu tatu kwa miguu yote miwili. Kwa nini asipake mafuta ya mgando hapo, ikiwa kiyoyozi kinakausha? Kwa sababu saa tisa atatoka kwenda kwenye joto akiwa na suruali ndani ya buibui, na alichopaka asubuhi bado kitakuwepo. Krimu inavumilia hewa zote mbili. Mikono anaiongezea losheni kila akiosha, akiwa na chupa ndogo chini ya meza.

Tatu, usiku. Akishaoga, krimu tena miundini, na juu yake mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage kila mguu, yaliyopashwa joto kati ya viganja mpaka yawe membamba. Tabaka hilo anahitaji kwa wiki mbili hivi. Miguu ikishatulia, anaacha mafuta na kubaki na krimu.

Hesabu yake: krimu gramu tatu asubuhi na tatu usiku ni gramu sita kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 200 litamfikisha zaidi ya mwezi. Mafuta ya mgando aliyokuwa akiyamaliza upesi sasa yatakaa miezi.

Akipanda basi

Tuseme Julai dada huyohuyo anakwenda Nairobi kwa mafunzo ya wiki tatu. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni baridi. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Inapoigusa ngozi yenye joto huwa na kiu, na kiu hiyo inazimwa kwa maji ya ngozi. Losheni iliyomtosha Malindi itamwacha amepauka kabla ya chai ya saa nne. Huko anapanda daraja moja kila mahali: palipokuwa na losheni anapaka krimu, palipokuwa na krimu anatia krimu kisha mafuta ya mgando. Jasho ni dogo na harara si tishio.

Gliserini tupu hapo ni ya kuangalia. Huvuta maji popote yalipo. Pwani huyapata hewani, lakini kwenye hewa kavu huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ichanganye kiganjani na maji au marashi ya mawaridi mara mbili au tatu yake, paka, kisha ifunike kwa kitu cha mafuta. Na asishtuke akikuta mafuta yake ya nazi yameganda chupani. Huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, kiwango ambacho nyumbani kwao ni nadra kukiona mchana. Hayajaharibika.

Anayetoka Lamu kwenda Garissa hali yake ni tofauti: ni kavu, lakini ni moto na kuna vumbi. Jasho linakauka hata hulioni, na ngozi inakauka nalo. Marhamu mchana hukusanya vumbi. Hapo krimu mchana, hata mara tatu, na marhamu usiku kwenye muundi, midomo na visigino.

Vinavyoharibika, na vinavyodhuru

Kitu chochote chenye maji kinaweza kuota ukungu na vijidudu, ndiyo sababu losheni na krimu hutiwa vihifadhi. Mafuta matupu hayahitaji hivyo. Wapo wanaoweka losheni, mafuta ya mgando, gliserini na maji ya bomba katika kopo moja na kukoroga. Wanavunja mambo mawili kwa pamoja: losheni inakatika, na vihifadhi vinazimuliwa mpaka havina nguvu. Ukitaka zote, zipake moja juu ya nyingine, yenye maji ikitangulia. Ukiona maji yamejitenga juu, rangi imebadilika, au harufu imekuwa ya uchachu, tupa. Usiiache chupa dirishani juani, wala ndani ya gari. Krimu ya kopo ichote kwa kijiko safi.

Losheni ikichoma kwenye ngozi iliyopasuka, mara nyingi ni manukato, spiriti au vihifadhi. Hamia marhamu yasiyo na harufu mpaka ngozi ifunge. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi pia ningeanza na yasiyo na harufu, na nisingemwaga dawa ya tyubu aliyoandikiwa na daktari ndani ya chupa ya losheni, kwa sababu hutajua tena unampa kiasi gani. Usaha, homa, wekundu unaosambaa, au ukavu usiobadilika baada ya wiki mbili za utaratibu huu, hayo ni ya hospitali.

Na udi. Mafuta ya mgando na marhamu, na hata krimu na losheni, hupenya kwenye kitambaa, na kitambaa kilicholoa mafuta hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi, hata kikishafuliwa, kwa kuwa kufua hakuyatoi yote. Leso unayolalia ukiwa umepaka mafuta mazito usiifukize juu ya chetezo chenye makaa, na usikae nayo karibu na jiko. Kwa nguo za kufukiza, paka losheni, iache ikauke, ndipo uvae; hilo hupunguza mafuta yanayoingia kitambaani, lakini haliondoi hatari yote.